Dodoma hadi Singida: uende 60, 80, 100 au 120? Hesabu ya mafuta kwa kila kilomita

Tulikuwa sheli hapa Dodoma, alfajiri, bomba limeshachomekwa kwenye tangi, mpwa wangu akaniuliza: "Mjomba, hivi ukienda pole pole si gari linakaa barabarani muda mrefu zaidi? Injini inaunguruma saa nne badala ya mbili. Mafuta yanapungua vipi hapo?"

Nilimjibu kwamba swali lake lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana watu wengi hukwama papo hapo. Gari huwa linalipia gharama mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza inahesabiwa kwa saa, ya pili inahesabiwa kwa kasi. Ukiijua kila moja inavyokwenda, kuchagua mwendo wa safari ndefu kunakuwa kazi ya kalamu na karatasi, si ya kubishana.

Gharama ya saa ni ile ya injini kujizungusha yenyewe: pistoni zinasuguana na silinda, pampu ya maji inazunguka, altaneta inachaji, kiyoyozi kikiwashwa nacho kinadai chake. Gari likiwa limesimama kwenye foleni linalipa gharama hii bila kusogea hata hatua moja. Likitambaa kilomita 20 kwa saa, kila kilomita inabeba dakika tatu nzima za gharama hiyo. Likienda 60, kila kilomita inabeba dakika moja tu. Kwa hiyo mpwa wangu hakukosea: ukienda taratibu mno, mafuta kwa kila kilomita yanapanda.

Gharama ya kasi ni hewa. Hapa napenda kutumia mfano wa ndoo, kwa sababu namba zake zinakaa vizuri kichwani. Chukua saluni ya kawaida, injini ya lita moja na nusu, ikiwa na watu wawili na mizigo, jumla kilo 1,300 hivi. Ikienda 60, hewa inaivuta nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa ndoo moja ya lita kumi iliyojaa maji, kana kwamba umefunga kamba nyuma ya gari, ukaipitisha kwenye kapi, na ndoo inaning'inia mwisho wake. Ikienda 80, ndoo zinakuwa mbili. Ikienda 100, ndoo tatu. Ikienda 120, zimepita nne. Umeongeza kasi mara mbili, kutoka 60 hadi 120, lakini mzigo wa hewa umeongezeka mara nne, na unauvuta kila mita ya njia.

Tairi nazo zina mzigo wao, kama ndoo moja na nusu au zaidi kidogo, lakini mzigo huo haubadiliki sana ukienda 60 au 120. Unategemea uzito wa gari na upepo uliojaza kwenye tairi. Kinachobadilika na kasi ni hewa.

Gharama ya saa inashuka kila unapoongeza mwendo, gharama ya hewa inapanda. Mahali jumla ya hizo mbili inapokuwa ndogo kabisa ndipo gari linapokula kidogo kuliko kote, na kwa magari mengi madogo ni kati ya 50 na 70, pale tu gia ya mwisho inapokuwa imeingia na kutulia. Ukishuka hadi 40, gari linarudi gia ya chini, injini inazunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita, na ulaji unaanza kupanda tena kidogo.

Miendo minne, njia moja

Njia niliyoichagua ni Dodoma hadi Singida, kama kilomita 240, kupitia Bahi, Kintinku, Manyoni na Ikungi. Naipita mara nyingi. Namba zilizo hapa chini ni za hesabu ya nguvu, kwa gari lile lile la kilo 1,300, lami tambarare, hewa imetulia, vioo vimefungwa, kiyoyozi kimezimwa. Gari lako litatoa namba zake, lakini umbo la jedwali litabaki hivi hivi.

| Kasi (km kwa saa) | Lita kwa km 100 | Km kwa lita | Lita hadi Singida | Muda |
|---|---|---|---|---|
| 60 | 4.4 | 22.6 | 10.6 | saa 4 |
| 80 | 5.2 | 19.4 | 12.4 | saa 3 |
| 100 | 6.2 | 16.3 | 14.8 | saa 2 dakika 24 |
| 120 | 7.4 | 13.6 | 17.7 | saa 2 |

Ukitazama safu ya lita peke yake utasema basi twende 60. Lakini hakuna mtu mwenye kazi zake anayekwenda Singida kwa saa nne kwenye lami mkeka huku malori yanampita kwa honi. Na ukitazama safu ya muda peke yake utasema 120. Jedwali lenyewe halichagui. Linachagua pale unapouliza swali la tatu: kila ninapopunguza mwendo, saa moja ninayoipoteza inanilipa lita ngapi?

Tuanzie juu. Ukitoka 120 kushuka 100, unaokoa kama lita 2.9 na unachelewa dakika 24. Kwa kipimo cha saa nzima, hiyo ni zaidi ya lita saba. Ukitoka 100 kushuka 80, unaokoa lita 2.4 na unachelewa dakika 36, yaani lita nne kwa saa. Ukitoka 80 kushuka 60, unaokoa lita 1.8 tu na unachelewa saa nzima.

Zigeuze ziwe fedha. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo bei ya sheli yako utaiweka mwenyewe. Mimi nachukua shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Kushuka kutoka 120 hadi 100 kunakulipa kama shilingi 22,000 kwa kila saa unayoongeza barabarani. Kutoka 100 hadi 80 kunakulipa karibu 12,000 kwa saa. Kutoka 80 hadi 60 kunakulipa 5,000 na kitu kwa saa.

Jiulize sasa saa yako moja ina thamani gani siku ile ya safari. Kama unawahi kikao ambacho kina fedha ndani yake, huenda 100 ndiyo kasi yako. Kama unakwenda msibani au kusalimia wazazi, na hakuna anayekusubiri kwa saa maalumu, 80 inakulipa vizuri. Ila 60 kwa safari ndefu sioni anayeihitaji, labda yule ambaye mshale wa mafuta umeshagusa alama nyekundu na sheli iko mbali. Huyo aende 60 bila aibu, kwa sababu hapo swali ni kufika.

Mimi mwenyewe husafiri kati ya 80 na 90. Kwa 90, gari lile linakula kama lita 5.6 kwa kilomita 100, na Singida unafika kwa saa 2 na dakika 40. Kutoka 100 kuja 90 ni dakika 16 tu za kuchelewa, na unabakiza lita moja na robo. Kwangu hiyo ni biashara nzuri. Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye jedwali: mabasi na malori yamewekewa kikomo cha 80, kwa hiyo ukiwa kwenye 80 na kitu unakwenda na msafara. Hupiti sana, hupitwi sana, mguu unatulia. Anayekwenda 110 kwenye barabara ya njia mbili analifikia lori, anafunga breki, anasubiri nafasi, anakanyaga mafuta hadi chini ili alipite, kisha analifikia jingine. Ulaji wake halisi unazidi ule wa 110 iliyotulia.

Ukiwa na Noah au gari jingine lenye umbo la sanduku, ongeza theluthi moja hivi kwenye ndoo zote za hewa. Umbo la jedwali ni lile lile, ila kila hatua ya kupanda inauma zaidi, na mimi ningeshuka na kubaki 80.

Vijiji, rasta na 120 ambayo haipo

Mpwa wangu aliliangalia jedwali akasema, "Kumbe 120 ni saa mbili tu." Nikamwambia saa hizo mbili hazipo duniani.

Kwenye njia hii kila kijiji kina kibao cha 50, vingi vina matuta au rasta, na tochi za trafiki ziko pale pale unapodhani hazipo. Tuseme kilomita 40 kati ya 240 ni za vijiji na unazipita kwa 50. Hizo ni dakika 48 kwa kila dereva, awe wa 80 au wa 120. Zinabaki kilomita 200. Wa 120 atazimaliza kwa saa 1 na dakika 40, wa 100 kwa saa 2 kamili. Faida ya dakika 24 imeshuka hadi 20, na bado hatujahesabu malori.

Halafu kuna gharama ya breki. Gari linalokwenda kasi limebeba nguvu ndani yake, na nguvu hiyo umeinunua kwa mafuta. Ukifunga breki unaigeuza kuwa joto la diski. Kulirudisha gari la kilo 1,300 kutoka 50 hadi 120 kunakula karibu mililita 57 za petroli juu ya zile za mwendo wa kawaida. Kulirudisha hadi 80 kunakula kama 19. Ukipunguza mwendo mara 15 njiani, wa 120 ametumia zaidi ya robo tatu ya lita kwa ajili ya breki tu, na wa 80 ametumia robo na kidogo.

Njia ya kuikwepa ni kuachia mguu mapema. Ukishakiona kibao cha 50 kwa mbali, mita mia tatu au nne kabla, toa mguu kwenye pedali ya mafuta na uliache gari lijishukie lenyewe, gia ikiwa palepale. Magari ya sindano za umeme hukata mafuta kabisa pale magurudumu yanapoizungusha injini na mguu uko juu. Unakwenda mita zile zote bila kuchoma tone. Ukipiga frii, injini inarudi kujitegemea na inachoma mafuta ili isizime, na kwenye mteremko kama ule wa Saranda unaposhuka kuelekea Kintinku unazipa breki mzigo wote peke yao. Breki zikichemka mteremkoni, mafuta uliyookoa hayatakusaidia kitu.

Kitufe kinachoharibu hesabu yote

Kuna jambo dogo nimelikuta kwenye magari mengi ya otomatiki yaliyotoka Japani, na linamfanya mtu alaumu sheli bure. Ubavuni mwa gia kuna kitufe. Ukikibonyeza, taa ya `O/D OFF` inawaka kwenye dashibodi. Taa hiyo ikiwaka maana yake gia ya mwisho umeifungia nje, na gari linasafiri na gia iliyo chini yake.

Ni rahisi kukibonyeza kwa bahati mbaya unapohamisha gia, au fundi alikibonyeza akijaribu gari na hakukirudisha. Gari linakwenda tu, halilalamiki, ila linanguruma zaidi. Namna ya kujua ni kutazama mshale wa RPM. Kwa gari la aina niliyoitaja, ukitulia kwenye 80 mshale unakaa karibu na 2,000. Ukiuona umekaa 2,800 kwenye tambarare, mguu umetulia, tafuta taa hiyo kabla hujatafuta fundi.

Hasara yake kwa hesabu yangu ni kama lita 0.6 kwa kila kilomita 100. Yaani unakwenda 80 unalipa mafuta ya zaidi ya 90. Kupanda mlima au kushuka mteremko mkali, kibonyeze, ndiyo kazi yake. Ukishafika juu Manyoni, kirudishe.

Jinsi ya kupata namba za gari lako mwenyewe

Namba zangu zisikutoshe. Gari lako lina tairi zake, uzito wake na umri wake. Kupima si kazi ngumu, ila watu wengi hupima vibaya, na kosa la kwanza ni kuuamini mshale wa mafuta. Mshale haujui lita. Kosa la pili ni kuweka mafuta ya elfu ishirini, kwenda nayo, na kukadiria yamefika wapi.

Jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, usimwambie mhudumu aongezee. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Nenda kwa mwendo uliouchagua, uushike bila kuruka ruka, kisha jaza tena sheli ile ile, pampu ile ile, gari limesimama upande ule ule, mpaka likate mara ya kwanza. Lita zilizoingia, zidishe kwa 100, gawa kwa kilomita ulizokwenda. Hizo ni lita zako kwa kilomita 100.

Ninasisitiza pampu ile ile kwa sababu sakafu ya sheli ikiwa imeinama kidogo, tangi linajaa tofauti, na nusu lita inapotea au kuongezeka bila wewe kujua. Kwenye safari ya lita 12, nusu lita ni kosa la asilimia nne. Kwenda na kurudi, kilomita 480, kosa lile lile linapungua nusu. Kwa hiyo pima kwenda na kurudi kwa mwendo mmoja, halafu safari nyingine ujaribu mwendo mwingine. Tofauti kati ya 80 na 100 kwa kilomita 480 inakaribia lita tano, hiyo utaiona wazi. Tofauti kati ya 80 na 85 hutaiona kwa pampu, usijisumbue.

Kabla ya yote, hakikisha 80 yako ni 80 kweli. Spidomita nyingi husoma juu kidogo kuliko mwendo halisi, na tairi za saizi nyingine zinabadilisha zaidi. Mpe abiria wako simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, atazame nguzo za kilomita kando ya barabara. Kilomita moja kwa 80 halisi ni sekunde 45. Kwa 100 ni sekunde 36, kwa 120 ni sekunde 30. Mimi mshale ukiwa 90, kilomita ilichukua sekunde 42, kumbe nilikuwa nakwenda 86 hivi. Ukilijua hilo, utajua ukilinganisha na jedwali usimame kwenye mstari upi.

Kuhusu kiyoyozi, kwa kifupi: kinadai kwa saa, si kwa kilomita. Kwa gari letu kinaongeza kama lita 0.8 kwa kilomita 100 ukienda 60, lakini 0.5 ukienda 100. Ndiyo maana mwenye kukiwasha safari nzima kasi yake nafuu inapanda kidogo, na 60 inazidi kupoteza maana. Pima nacho kikiwa kimezimwa au kimewashwa safari zote, usichanganye.

Upepo wa kwenda na upepo wa kurudi

Nimesema hewa imetulia, na anayeishi Dodoma anajua hewa ya huku haitulii. Kiangazi upepo unavuma kutoka mashariki na kusini mashariki, vumbi linahama mtaa mmoja hadi mwingine. Singida iko kaskazini magharibi. Kwa hiyo mara nyingi kwenda unasukumwa mgongoni, kurudi unapigwa usoni.

Na zile ndoo hazihesabiwi kwa spidomita, zinahesabiwa kwa kasi ya gari dhidi ya hewa. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukikupiga usoni huku unakwenda 80, gari linapambana na hewa ya 100. Ndoo mbili zimekuwa tatu, na ulaji unapanda kutoka lita 5.2 hadi kama 6.2. Upepo ule ule ukiwa mgongoni, hewa unayoipasua ni ya 60, na ulaji unashuka hadi 4.4 hivi.

Kuna faraja ndogo kwenye urefu wa nchi. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, Singida inakaribia 1,500, kwa hiyo kwenda ni kupanda. Kupandisha gari lile mita 380 kunakula karibu nusu lita, na kurudi sehemu kubwa ya hiyo unarudishiwa. Huku juu pia hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo gari lile lile kwa kasi ile ile linabeba ndoo nzito zaidi likiwa Chalinze kuliko likiwa Manyoni.

Sasa ongeza jambo ambalo kila anayetoka Singida analijua: kuku. Haiwezekani urudi mikono mitupu, na tenga la kuku wa kienyeji likishafungwa juu ya keria, pembeni yake dumu za mafuta ya alizeti, gari limepata kifua kipya cha kupokea upepo. Nikikadiria mzigo ule umeongeza robo ya upinzani wa hewa, na upepo wa 20 uko usoni, ukienda 80 unakula karibu lita 6.9 kwa kilomita 100. Ukisema uwahi kwa 100, unakula 8.4.

Mshale wa spidi ulisoma 80 kwenda na kurudi, lakini kwenda ulikula 4.4 na kurudi 6.9. Ndipo madereva wanapogombana na sheli ya kule walikojaza.

Kwa hiyo mwendo mmoja kwa safari nzima si jibu zuri. Rudi kwenye swali letu la lita kwa saa. Kwenda, upepo ukiwa mgongoni, kupanda kutoka 80 hadi 100 kunakugharimu kama lita 1.9 ili kuokoa dakika 36, yaani lita tatu na kidogo kwa saa. Kurudi, upepo usoni na tenga juu, dakika zile zile 36 zinakugharimu lita 3.6, yaani lita sita kwa saa. Saa ya kwenda ni rahisi, saa ya kurudi ni ghali karibu mara mbili.

Ndivyo tulivyokubaliana na mpwa wangu safari ile. Kwenda tulishika 90 na kitu panapofaa. Kurudi tuliondoka Singida kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu upepo wa asubuhi ni mdogo kuliko wa mchana na kiyoyozi hakihitajiki. Kuku tuliwahamishia ndani, nyuma ya viti, keria ikabaki tupu, dumu za alizeti zikaingia kwenye buti. Yeye ndiye aliyeshika usukani kutoka Ikungi, mshale kwenye 85, na kila nguzo ya kilomita alikuwa akiniuliza: "Sekunde ngapi, mjomba?"